Gari ilifanya kazi gani kabla ya kuja kwako?



Wiki hii tunajibu swali la kikundi kimoja cha akiba. Ni mama 24 wanaouza maharagwe na viazi. Kwa miaka mitatu wameweka pesa sandukuni kila juma, na sasa wanataka kununua gari ya kikundi ili waache kulipia usafiri wa magunia kila siku ya soko. Wameletewa pikapu mbili aina ya Toyota Hilux, zote za mazuti, zenye kabini mbili, za mwaka mmoja wa kutengenezwa. Wanaandika: "Ya kwanza ilikuwa ikikodishwa. Ina kilomita chache, lakini bei iko juu. Ya pili ilikuwa ya shirika. Ina kilomita nyingi, lakini bei iko chini. Tuchukue ipi?"

Mama wapendwa, kilomita peke yake haiwezi kujibu. Gari ni kama mgongo wa mtu: haitoshi kujua ana miaka mingapi, yafaa kujua alibeba nini. Gari mbili zenye kilomita sawa zinaweza kuachana kwa maelfu ya dola kwa sababu ya kazi zilizofanya. Kwa hiyo tutazame kazi tatu ambazo magari mengi ya kwetu yamezipitia, yaani taksi, kukodishwa, na shirika au kampuni. Kisha tutarudi kwenye Hilux mbili za wenzetu na kuzipigia hesabu.

Gari iliyokuwa taksi

Tuanze na taksi, maana ndiyo rahisi kuhesabu. Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilomita kama 54. Taksi inayokwenda na kurudi mara moja kwa siku imetembea kilomita 108. Ikifanya kazi siku 26 kwa mwezi, ni kilomita 2,800 hivi, na kwa mwaka mzima inapita 33,000. Basi mtu akikuambia gari yake ilifanya taksi kwenye njia hiyo kwa miaka minne, na kompteri inaonyesha kilomita 90,000 tu, jua kwamba kompteri ilikufa au ilirudishwa nyuma. Miaka minne ya kazi hiyo ni zaidi ya kilomita 130,000, na hapo hatujahesabu maisha ya gari kabla haijafika kwetu. Kwa sababu hiyo swali la kwanza kwa muuzaji wa taksi ni hili: ilifanya njia gani, na kwa muda gani? Ukishajua hayo, hesabu utaipiga mwenyewe.

Injini ya taksi mara nyingine ni nzuri kuliko unavyofikiri. Injini huchoka zaidi inapowashwa ikiwa baridi, kabla oili haijapanda kufika sehemu zote za juu. Taksi huwashwa baridi mara moja asubuhi, kisha inabaki na moto siku nzima. Ikiwa mwenyewe alibadilisha oili kwa wakati, injini hiyo inaweza kuendelea vizuri.

Kinachokufa kwenye taksi ni vitu vinavyoizunguka injini. Abiria wawili hukaa mbele kwenye kiti cha mmoja na wanne nyuma, na mizigo hujaa kwenye buti mpaka mlango wake unafungwa kwa kamba. Uzito huo huvunja springi na kumaliza amotisere. Tena kuna vilima: Butembo iko juu kuliko Beni kwa mamia ya metri, kwa hiyo safari ya kwenda hula freni na safari ya kurudi hula ambrayaji. Milango hufunguliwa mara nyingi kwa siku, basi bawaba zake hulegea. Shika mlango wa nyuma ukiwa wazi, uunyanyue kwa mkono. Ukipanda na kushuka, umefanya kazi sana. Kaa pia kwenye kiti cha mbele cha abiria, maana wengi hukagua kiti cha shofa tu. Kwenye gari ya nyumbani kiti cha shofa ndicho huchoka kwanza, lakini kwenye taksi viti vyote huchoka pamoja, na kile cha mbele cha abiria huinama upande mmoja.

Gari iliyokodishwa

Kwa kukodishwa hatuwezi kuacha kuzungumzia Riposti. Tunakumbuka sote. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 baada ya kuonekana Mangina, na haikutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Zaidi ya watu 2,200 walikufa, na wengi wao ni wa nyumba zetu. Wakati ule timu za Riposti zilihitaji magari mengi kwa haraka, na magari ya watu binafsi ya Beni na Butembo yakakodishwa kwa siku, yakilipwa kwa dola. Wapo walionunua gari kwa ajili ya kazi hiyo tu. Baada ya Riposti, mengi yalikodishwa tena kwa miradi mingine, na mpaka leo tunakutana nayo yakiuzwa, mara nyingine mikononi mwa mtu wa tatu au wa nne.

Gari ya namna hii huwa na siri tatu.

Siri ya kwanza ni kwamba siku ya garaji ni siku ya hasara. Tuseme gari inalipwa dola 60 kwa siku. Mwenye gari akiipeleka kubadilisha oili na freni, anapoteza dola 60 za siku hiyo, kisha analipa fundi. Kwa hiyo anasema, "Tutafanya wiki ijayo." Wiki ijayo inakuwa mwezi ujao. Shofa si mwenye gari, na aliyeikodisha anajua atairudisha. Kila mmoja anamwachia mwenzake uchungu wa gari.

Siri ya pili ni saa ambazo kompteri haizihesabu. Gari ya kazi hufika kijijini, watu hushuka, na shofa anabaki akiacha injini ikizunguka, kwa ajili ya hewa baridi, kuchaji simu, au kuwa tayari kuondoka haraka usalama ukiharibika. Kilomita haiongezeki hata moja, lakini injini inafanya kazi. Ikizunguka bila kutembea haipati joto la kutosha, mazuti hayaungui vizuri, masizi yanaingia kwenye oili na oili inachoka. Mafundi wa magari ya kazi huhesabu saa moja ya namna hiyo kama kilomita 50 hivi za barabara.

Siri ya tatu ni klori. Magari yaliyobeba wagonjwa, timu za mazishi na timu za kunyunyiza dawa yalisafishwa kwa maji ya klori ya asilimia 0.5, tena na tena. Klori huua virusi, lakini pia hula chuma, hasa ikiachwa bila kusuuzwa kwa maji safi. Hapa tuondoe hofu moja: virusi vya Ebola haviishi miaka kwenye kiti au kwenye bati. Juu ya vitu vikavu hufa ndani ya saa au siku chache. Kwa hiyo usiogope ugonjwa, angalia kutu. Nyanyua zulia la sakafu, tazama reli ambazo viti husogea juu yake, tazama skrubu zinazoshika mikanda ya usalama, na viungo vya nyaya chini ya viti. Kutu iliyoanzia ndani, wakati mlango na boneti kwa nje ni safi, haikuletwa na mvua. Kitambaa cha kiti chenye madoa meupe kama nguo iliyomwagikiwa javeli ni alama nyingine.

Gari iliyokuwa ya shirika au kampuni

Gari ya shirika mara nyingi ina kilomita nyingi, na hilo huwafukuza wanunuzi. Lakini mara nyingi pia ina kitu ambacho taksi na gari ya kukodishwa hazina, nacho ni kitabu. Shofa wa shirika huandika kila safari: tarehe, alikotoka, alikofika, kilomita za mwanzo na za mwisho, na mazuti aliyotia. Garaji nayo huandika oili ilibadilishwa lini na kipande gani kiliwekwa kipya. Ukikipata kitabu hicho, unasoma maisha ya gari bila kutegemea mdomo wa mtu.

Mashirika mengi makubwa hujiwekea mpaka: gari ikifika karibu na miaka 5 au kilomita 150,000, inauzwa. Kwa hiyo mara nyingi gari inauzwa kwa sababu siku yake imefika au mradi umefungwa, wala si kwa sababu imeshindwa. Hata hivyo usiamini jina la shirika peke yake. Gari hiyo ilikwenda mahali ambapo barabara inaishia, ikabeba mizigo na watu, ikaendeshwa na shofa wengi. Ingia chini yake na tochi. Tazama chasi, hasa mahali springi za nyuma zinapofungwa, kama kuna ufa au alama ya kuchomelewa. Bampa ikipinda inanyooshwa, lakini chasi iliyopasuka huondoa gari kwenye orodha yako.

Utaona pia matundu kwenye dashibodi na juu ya gari, mahali palipokuwa radio na antena. Matundu yenyewe ni madogo, lakini maji hupitia hapo mpaka kwenye nyaya. Mwagia gari maji kwa juu, kisha papasa ndani kwa mkono.

Jambo kubwa la gari ya shirika liko kwenye karatasi. Mashirika mengi huingiza magari yao bila kulipa ushuru wote wa duane, kwa sababu serikali imewasamehe kwa ajili ya kazi yao. Msamaha huo ni wa shirika. Gari inapopita kwa mtu binafsi au kwa kikundi cha biashara, ushuru unarudi na lazima mtu aulipe. Ikiwa hakuna aliyelipa, idara ya duane, yaani DGDA, inaweza kuishika gari hiyo mikononi mwako, hata kama ulilipa muuzaji pesa yote. Na kama gari imepitia mnunuzi wa katikati ambaye "bado anafuatilia karatasi," ujue kwamba deni la duane linatembea pamoja na gari.

Hilux mbili za wenzetu

Sasa turudi kwa kikundi chetu. Bei tunazoandika hapa ni za mfano, ili muone njia ya kuhesabu. Ninyi mtaweka bei za makanika na za soko la siku hiyo.

Hatua ya kwanza ni kutafuta bei ya msingi. Ulizeni watu watatu wasiojuana: Hilux ya mwaka ule, iliyokuwa ya mtu binafsi aliyeitunza, yenye kilomita kama 120,000 na karatasi kamili, inauzwa bei gani? Tuseme wengi wanajibu dola 14,000. Kutoka hapo tunashuka kwa kila kazi ambayo gari ilifanya na ikaacha alama.

Hilux ya kwanza, ya kukodishwa, inaonyesha kilomita 128,000, na muuzaji anataka dola 12,500. Mwenye gari anasema kwa fahari kwamba ilifanya Riposti miezi 20. Kwake hiyo ni sifa, kwetu ni hesabu. Tuseme ilisimama injini ikizunguka saa 3 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, kwa miezi hiyo 20. Hizo ni saa 1,320. Zikizidishwa kwa 50, tunapata kilomita 66,000 ambazo kompteri haikuziona. Injini ile basi imechoka kama ya kilomita 194,000. Kama oili ilibadilishwa kila kilomita 5,000 za kompteri, injini ilikosa oili mpya mara 13. Na hapa hakuna kitabu kinachoonyesha kwamba hata hiyo ya kompteri ilifuatwa.

Jambo lingine ni mkanda wa distribisio. Hilux nyingi za mazuti za miaka ile zina mkanda huo ndani ya injini, na Toyota imepanga ubadilishwe kila kilomita 150,000. Ukikatika safarini, vipande vya ndani vinagongana na injini inavunjika. Muuzaji anasema, "Bado, haijafika 150,000." Lakini mkanda huzunguka kila injini inapozunguka, hata gari ikiwa imesimama. Kwa hesabu yetu umeshapita wakati wake.

Makanika wa kikundi amekagua na kuandika haya kwa gari ya kwanza:

- mkanda wa distribisio: dola 250
- amotisere na mpira wa mbele: dola 450
- ambrayaji: dola 350
- freni: dola 150
- kuchomelea sakafu iliyoliwa na kutu: dola 200
- nyaya na reli za viti: dola 150
- pine nne: dola 520

Jumla ni dola 2,070. Juu yake tunaweka akiba ya dola 1,000 kwa ajili ya injini ambayo historia yake haijulikani. Toa zote kwenye 14,000, zinabaki dola 10,930. Kwa hiyo 12,500 ni nyingi. Bei ya haki ni kama 11,000, na mazungumzo yaanze chini ya hapo.

Hilux ya pili, ya shirika, inaonyesha kilomita 171,000, na bei ni dola 11,000. Kitabu kipo. Kinaonyesha oili ilibadilishwa mara 34, yaani kila kilomita 5,000, na mkanda wa distribisio uliwekwa mpya kwenye 150,000. Nayo pia ilisimama injini ikizunguka mara nyingi, lakini mtu aliihudumia bila kukosa. Makanika ameandika amotisere na mpira dola 450, ambrayaji 350, kuziba matundu ya antena 50, na pine 520. Jumla ni dola 1,370. Kwa kuwa ina kilomita nyingi kuliko ile ya msingi, tunaweka akiba ya dola 500 kwa vipande vilivyokaribia mwisho. Toa zote kwenye 14,000, zinabaki dola 12,130.

Hapo mama mmoja wa kikundi aliruka kwa furaha: gari ya 12,130 inauzwa 11,000! Polepole, mama. Walipouliza karatasi ya duane, waliambiwa ushuru "utafuatiliwa." Tuseme DGDA, baada ya kuangalia gari na karatasi zake, inahesabu kwamba ushuru na gharama zote mpaka plaki mpya ni dola 3,000. Toa hizo kwenye 12,130, zinabaki dola 9,130. Kwa 11,000 bila ushuru, gari nzuri inakuwa gari ya bei ghali kuliko ile ya kwanza.

Basi jibu letu kwa kikundi ni hili. Gari bora kati ya hizi mbili ni ile ya kilomita nyingi, kwa sababu maisha yake yanajulikana. Lakini inunuliwe kwa namna moja kati ya mbili: ama muuzaji amalize ushuru kwanza, nanyi mlipe mpaka karibu na dola 12,000, ama ushuru uwe juu yenu, nanyi msipite dola 9,000 na kidogo. Muuzaji akikataa zote mbili, chukueni ile ya kukodishwa, ikiwa atashuka mpaka 11,000 na injini ikipita majaribio tunayoeleza hapa chini. Akikataa naye, pesa ibaki sandukuni, magari mengine yatakuja.

Asubuhi ya kujaribu gari

Fikeni asubuhi mapema bila kumpa muuzaji saa kamili. Wekeni mkono juu ya injini kabla haijawashwa. Ikiwa na joto, kuna mtu aliyeiwasha ili kuficha shida ya kuwaka baridi. Rudini siku nyingine.

Injini ikiwashwa, mmoja wenu asimame nyuma atazame moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua ndani. Moshi mweusi usioisha ni mazuti yanayoingia vibaya. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikiwa imepata joto unaweza kuwa maji yanayoingia mahali pasipofaa. Kisha makanika afungue kifuniko cha kutilia oili injini ikizunguka polepole. Pumzi kidogo ni kawaida. Ikipuliza kwa nguvu mpaka kifuniko kinarukaruka, moto unapita pembeni ya pistoni, na injini hiyo imechoka, hata kompteri iseme nini.

Baadaye tafuteni kilima, maana Butembo haikosi kilima. Pandisheni gari ikiwa na watu ndani. Injini ikilia zaidi lakini gari haiongezi mwendo, ambrayaji imekwisha. Mkishuka, kanyageni freni kwa nguvu mahali ambapo hakuna mtu. Gari ikivuta upande mmoja, freni au mguu wa mbele una kazi.

Mwishoni linganisheni kompteri na vitu ambavyo havijui kusema uongo. Mpira wa pedali ya freni, volani pale mkono unaposhika, na ukingo wa kiti cha shofa upande wa mlango. Pedali iliyolika mpaka chuma haikai pamoja na kilomita 60,000. Na pedali mpya kabisa ndani ya gari yenye kiti kilichochakaa imewekwa jana kwa ajili yenu.

Karatasi kabla ya pesa

Msitoe franka hata moja kabla ya kushika mkononi mambo manne: karte roze yenye nambari ya chasi iliyo sawa na ile iliyopigwa kwenye chuma cha gari, karatasi ya duane inayoonyesha ushuru ulilipwa, hati ya mauzo iliyotiwa sahihi na mwenye gari wa kweli, na, kama ilikuwa ya shirika, barua ya shirika lenyewe inayoonyesha kwamba liliuza gari hiyo na kwa nani. Mama wawili wa kikundi waende na karatasi ya duane kwenye ofisi ya DGDA kuuliza kama inajulikana pale. Safari hiyo ni ya nusu siku, na inalinda akiba ya miaka mitatu.

Hati ya mauzo iandikwe kwa jina la kikundi, si kwa jina la mama mmoja au la mume wa mmoja wenu. Gari iliyonunuliwa na 24 na kuandikwa kwa jina la mmoja huleta maneno siku ya kifo au siku ya ugomvi.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaendelea na gari ya kikundi: namna ya kupatana na shofa, na kitabu cha safari ambacho kikundi kinaweza kukiandika chenyewe. Kitabu hicho ndicho kitakachopandisha bei siku mtakapotaka kuiuza. Wenye maswali waandike na kuyaacha kwa mama viongozi wa vikundi vyao kama kawaida.